Barua ya kutohuisha mkataba: angalia unachosaini

Barua yangu ilikuja tarehe 18 Desemba, nikiwa nafunga ripoti ya mwezi hapa Kigoma. Aya mbili tu: mkataba unafikia ukomo tarehe 31, mwajiri hatauhuisha, kila la heri. Chini palikuwa na mstari wa kusaini wenye maneno "Nimekubali na sina madai yoyote". Dada wa utumishi alikuwa amesimama mlangoni akisubiri nakala yake. Nikayakata yale maneno, nikaandika "Nimeipokea", nikaweka tarehe na saini. Alinuna, lakini aliichukua.

Mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe siku yake ikifika, kwa hiyo hasira peke yake si kesi. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 36, inahesabu kutohuisha kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba mkataba ungeendelea. Na mwenye kuyathibitisha matarajio hayo ni wewe, si mwajiri.

Mimi mkataba wangu wa mwaka mmoja ulikuwa umehuishwa mara mbili. Hilo linasaidia, ila sikutaka kuliegemea peke yake. Kilichonibeba ni barua pepe ya Novemba ambayo bosi aliniandikia niandae mpango kazi wa Januari hadi Machi, jina langu likiwa kwenye kila safu ya utekelezaji. Niliichapisha mapema, maana siku ya mwisho hufungiwa akaunti kabla hujamaliza kuaga. Mwenzangu wa meza ya jirani alipata barua ileile. Wake ulikuwa mkataba wa kwanza, na hakuna aliyemuahidi kitu, hata kwa mdomo. Nilimwambia ukweli: hapo hana pa kushika, adai mshahara na likizo yake tu.

Muda ni mfupi. Shauri la kuachishwa linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mimi nilihesabu tangu tarehe ya barua, nisije nikabishaniwa siku. Nilijaza fomu CMA F.1, nikampelekea mwajiri nakala na kumsainisha kwamba kaipokea. Bila ushahidi huo shauri linakwama mezani. Hatukufika kwenye uamuzi. Msuluhishi aliweka ile barua pepe mezani, kimya kikapita, na tukamalizana kwa mishahara ya miezi mitatu.

Karibu nisahau jambo moja. Mimi niliajiriwa Tabora, nikaletwa Kigoma. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akusafirishe wewe na vitu vyako hadi ulikoajiriwa, au akulipe gharama hizo. Kwenye madai niliandika kitanda, friji, mtungi wa gesi na magunia mawili ya vyombo, nikaambatanisha bei ya mzigo kwa treni. Walilipa bila ubishi. Kitanda kilifika mguu mmoja umevunjika.