Kostiki soda ikikurukia, maji kwanza

"Wakuu, nataka kuzibua sinki la jikoni kwa kostiki soda. Zile glavu nyembamba za kliniki zinatosha? Na ikinirukia mkononi nipake siki au mafuta?"

Hazitoshi mkuu, na hivyo viwili usipake. Mimi nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni hapa Mtwara mjini, na kovu la kostiki ninalo kwenye kiwiko.

Siku ile nilivaa glavu za mpira mzito, ila fupi. Nikamwaga kostiki kavu kwenye tundu la sinki, halafu maji juu yake. Hapo ndipo nilipokosea. Kostiki ikikutana na maji inatoa joto kali, na maji machache juu ya unga mwingi yanachemka papo hapo na kurusha. Unatakiwa kuweka maji ya baridi kwenye ndoo ya plastiki kwanza, kisha unaongeza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga.

Matone yalinirukia, mengine yakaingia ndani ya glavu. Sikusikia maumivu. Nilihisi utelezi tu, kama nimeshika sabuni, nikaendelea na kazi. Kumbe utelezi ule ni mafuta ya ngozi yangu yanageuzwa sabuni. Ukiuhisi, acha kazi hapo hapo, usisubiri kuwashwa.

Mwenzangu alikimbilia mafuta ya kupikia, maana huku kwetu wabangua korosho hupaka mafuta mikononi kabla ya kushika maganda. Kwa kostiki iliyokwisha kurukia ngozi, mafuta hayaiondoi. Siki nayo ikikutana nayo inaongeza joto juu ya kidonda. Dawa ni maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Vua glavu, pete, saa na nguo iliyolowa huku maji yanamwagika. Kama ni unga mkavu, ukung'ute kwanza kwa kitambaa kikavu.

Na bomba letu unalijua, linaweza kukauka muda wowote. Ukimwaga lita 2 kwa dakika, dakika 20 ni lita 40. Kwa hiyo mimi siku hizi sifungui kopo kabla ya kujaza ndoo mbili kubwa, na kuwe na mtu wa kunimwagia.

Glavu ziwe ndefu, za mpira mzito, na ukunje mdomo wake kwa nje, ili tone likitiririka kuelekea kiwiko linaswe kwenye ule mkunjo. Kabla ya kuvaa, zipulize hewa uone kama zimetoboka. Macho yafunikwe kwa miwani ya kukinga inayobana pembeni, maana ya kusomea inaacha upenyo. Fungua mlango na dirisha, na uso usiuinamishe juu ya tundu. Usiongeze jiki wala asidi ya chooni kwenye tundu hilo. Hizo mbili zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu.

Ikiingia jichoni, shikilia kope wazi, mwagia maji nusu saa, kisha hospitali ukiwa na kopo lake, hata kama maumivu yamepungua. Kwa ngozi pia nenda, ikiwa imebadilika rangi au imetoa malengelenge.