Kabla ya kulipia kaunta ya jikoni, idondoshee ndimu

Kaunta yangu ya kwanza ilikuwa ya marumaru nyeupe. Niliichagua kwa macho: ilikuwa na mishipa ya kijivu iliyopita kama moshi, na nilipoigusa ilikuwa baridi hata saa saba mchana. Ramadhani ya kwanza ndani ya nyumba ile niliipikia urojo kila jioni. Mfungo ulipofika mwisho, mahali nilipokuwa nikikamulia ndimu na kumenyea embe mbichi palikuwa na madoa yasiyong'aa, duara duara, mengine yana umbo kamili la nusu ya ndimu. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikazidi kuharibu.

Fundi niliyemwita aliinama, akatazama kwa upande dhidi ya mwanga wa dirisha, akaniambia, "Mama, hili si doa. Jiwe limeliwa." Na kweli. Marumaru ni jamaa wa chokaa, na chokaa na asidi havikai pamoja. Ndimu, ukwaju, siki, hata juisi ya nyanya iliyoachwa usiku kucha, vyote hula ule ung'avu wa juu. Kupaka dawa ya kuziba vitundu kunazuia rangi isiingie, lakini hakuzuii asidi kula. Tiba pekee ni kung'arisha upya.

Ndiyo maana naona tunaanza pasipofaa tunapouliza kwanza kama kaunta itahimili moto. Kwa mapishi yetu ya Unguja na Pemba, moto ni rahisi kuukinga: unaweka kata au kibao chini ya sufuria, basi. Lakini ndimu na manjano haviwekewi kata. Vinaruka, vinamwagika, vinatambaa chini ya bakuli bila ya wewe kuona.

Kwa hiyo ukienda dukani omba kipande cha jiwe lile lile, au nenda na ndimu mfukoni kama nifanyavyo mimi. Dondosha matone mawili, subiri robo saa, futa, kisha inama utazame kwa upande. Pakiwa pamefifia, hilo ni marumaru au jamaa yake, hata kama muuzaji ameliita graniti. Tarazo pia hufeli mtihani huu, kwa sababu ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, na vyote viwili vinaliwa. Halafu dondosha maji mahali pengine. Jiwe likibadilika likawa jeusi zaidi ndani ya dakika chache, linakunywa, na litakunywa mchuzi vilevile. Hilo linanunulika, ila ulipake dawa ya kuziba na urudie kila maji yanapoanza tena kuingia.

Graniti ya kweli hupita mtihani wa ndimu. Haikwaruzwi na kisu cha kawaida, kwa sababu ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Kinachoharibika ni kisu chenyewe, kwa hiyo ubao wa kukatia unabaki palepale. Sufuria iliyotoka motoni inaivumilia pia. Mimi siiweki moja kwa moja karibu na tundu la sinki, kwani pale jiwe limebaki mkanda mwembamba na ndipo nyufa zinapoanzia. Manjano yakiingia kwenye graniti isiyozibwa, changanya magadi ya kuokea na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, mpaka iwe uji mzito. Paka juu ya doa, funika kwa plastiki mpaka kesho, kisha ufute. Huenda ukarudia mara mbili.

Wifi yangu wa Wete ana vigae juu ya zege, na hana malalamiko ya moto wala ya ndimu, kwa kuwa uso wa kigae hauliwi wala haunywi. Shida yake iko kwenye mistari. Saruji ya kuzibia katikati ya vigae iligeuka rangi ya biriani mwezi wa kwanza tu. Alichogundua ni kwamba mistari iliyo karibu na dirisha hufifia yenyewe, kwani rangi ya manjano haistahimili jua. Ile ya pembeni mwa jiko imebaki vilevile. Ukichagua vigae, chukua vikubwa ili mistari iwe michache, na uombe izibwe kwa ipoksi badala ya saruji. Ipoksi ni ghali na inamsumbua fundi kwa sababu inakauka haraka, lakini hainywi. Na weka vigae viwili vitatu akiba, maana kinu kikianguka kitavunja kimoja.

Fomeka ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na madoa yake mengi hufutika. Lakini sufuria yenye mafuta ya kukaangia ikikaa juu yake hutoa malengelenge yasiyorudi, na maji yakipenya ukingoni mwa sinki, ubao wa unga wa mbao ulio ndani huvimba kama mkate. Hewa yetu ya masika haiusaidii. Yapo pia mawe ya kiwandani, ya unga wa jiwe ulioshikwa kwa gundi ya plastiki. Kwa madoa na ndimu ni mazuri sana, lakini gundi ile huungua chini ya sufuria ya moto, na hapo kata si ya hiari tena.

Sasa uzito, ambao watu wa nyumba za chini hawana haja ya kuuwaza, lakini mimi nilihamia ghorofani Mji Mkongwe, juu ya boriti. Nilihitaji kaunta ya urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 60. Graniti ya unene wa sentimita 2 kwa eneo hilo ni karibu kilo 78. Ya sentimita 3 inafika 117. Lililonishangaza ni kwamba zege la sentimita 6, ambalo kila mtu huliona njia ya bei nafuu, lingepita kilo 200 kabla ya kuweka kigae hata kimoja.

Tuliigawa. Mita 1.2 upande wa jiko na sinki nikaweka graniti nyeusi ya sentimita 2, kama kilo 39. Nusu ya pili ni ubao wa mninga, mahali pa kukandia chapati na kukatia mikate, pakavu, ambao haufiki hata kilo 25. Mninga unakunywa manjano, lakini unapigwa msasa na doa linaondoka, jambo usiloweza kufanya na fomeka. Bei ya jiwe ilishuka kwa nusu, kwani jiwe hulipiwa kwa eneo, na gharama ya kulivusha bahari na kulipandisha ngazi nyembamba ilipungua pia. Fundi akaipanga kaunta yote kwenye ukuta ule ambao vichwa vya boriti vimelala ndani yake, ili uzito uangukie karibu na ukuta usikae katikati ya sakafu.

Muuzaji aliniambia jiwe langu halihitaji kuzibwa. Nililidondoshea maji siku ya tatu, likawa jeusi zaidi ndani ya dakika tano. Nikalipaka dawa kabla sijalikamulia ndimu ya kwanza.