Chora ramani ya ndevu zako kabla ya kuwasha mashine

Kwa miaka miwili niliamini kwamba chini ya taya langu la kushoto ndevu hazioti vizuri. Kila nikizipunguza kwa kichanio namba 2 cha mashine, kulia kunajaa, kushoto panabaki kama pameliwa na panya. Siku moja kinyozi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, akanishika kidevu, akapitisha kidole mara mbili, akasema: "Kaka, ndevu zipo. Huku zinapanda, huku zinashuka."

Mimi nilikuwa naanzia shingoni na kupandisha mashine pande zote mbili. Kulia, ambako ndevu zinapanda, mashine ilizifuata na kuzilaza, ikaondoa ncha tu. Kushoto zinashuka, kwa hiyo ilizikuta uso kwa uso, ikaziinua na kuzikata karibu zaidi na ngozi. Namba ni ileile, urefu ni tofauti.

Tangu hapo nachora kwanza. Naacha ndevu siku tano hivi bila kuzigusa, naziosha kwa maji ya vuguvugu (asubuhi za Julai huku hakuna namna nyingine), nazikausha kabisa na sipaki mafuta, maana mafuta yanazilaza. Kisha nachukua kipande cha pamba kavu na kukipitisha polepole: juu, chini, kuelekea sikioni, kuelekea kidevuni. Pamba ikiteleza, huko ndiko ndevu zinakolala. Ikinasa na kuacha nyuzi, unaenda kinyume. Kwenye karatasi nachora uso kama ninavyouona kwenye kioo na kuweka mshale kila sehemu.

Mashavuni kazi ni ndogo, kwa watu wengi zinashuka tu. Shingoni ndiko usiharakishe, pima kila upana wa vidole viwili. Mimi pembeni ya koromeo nina sehemu ndogo ambapo nywele zinazunguka, na pamba inanasa karibu kila upande. Hapo mshale mmoja hautoshi, nimechora duara.

Wakati wa kukata nachana kwanza, naanza na namba 3 na kufuata mishale kote. Kushoto nateremsha mashine, kulia naipandisha. Kwenye duara napita kidogokidogo huku nikigeuza mkono. Namba 2 inakuja baadaye, kwa njia ileile. Ukitaka fupi zaidi unaweza kwenda kinyume, lakini iwe kinyume pande zote. Kwa ndevu za kujikunja kama zangu sishauri kufanya hivyo shingoni bila kichanio, kwa sababu nywele iliyokatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele.

Kuna pengo ambalo ramani haitaliziba. Ukipitisha kidole pande zote nne na usisikie mkwaruzo wowote, hapo kweli hakuna ndevu. Kwangu mkwaruzo ulikuwepo, na baada ya wiki tatu za kuacha zikue kisha kukata kwa mishale, kushoto kulilingana na kulia.