Ukibonyeza Submit na mtandao ukakatika

Nafanya zamu ya usiku nikiwa nyumbani Tanga, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kazi yenyewe ni kujibu tiketi za wateja na kuandika kwenye kila tiketi nilipofikia, ili mwenzangu wa asubuhi aendelee. Mtandao wangu ni hotspoti ya simu na bando. Nyie mnaoanza nina jambo moja la kuwaambia, nililolijua kwa kuumia: kile kiduara kinachozunguka ukishabonyeza Submit hakikuambii kama kazi imeingia.

Ukibonyeza, kuna safari mbili. Maandishi yako yanakwenda kwenye seva, kisha seva inarudisha jibu kwamba imepokea. Mtandao ukikatika kwenye safari ya kwenda, hakuna kilichoingia. Ukikatika wakati wa kurudi, kila kitu kimeshaingia ila wewe hujui. Kwenye kioo chako hali zote mbili zinafanana.

Usiku mmoja, kama saa tisa na nusu, nilimwandikia jibu refu mteja aliyelalamika kwamba amekatwa pesa mara mbili. Nikabonyeza Submit, kiduara kikazunguka, kurasa ikaleta kosa. Nikapiga F5. Chrome ikaleta kisanduku cha "Confirm Form Resubmission", nami kwa haraka nikabonyeza Continue. Maana yake ni "tuma tena", na hilo la kwanza lilikuwa limeshafika. Basi mteja aliyekatwa mara mbili akajibiwa mara mbili, neno kwa neno. Alituandikia kwa kejeli, na alikuwa na haki.

Siku hizi siandiki jibu moja kwa moja kwenye tiketi. Naandika kwenye Notepad, napiga Ctrl+S, ndipo nakopi na kupesti. Mtandao ukikatika nikishabonyeza Submit, sigusi F5 wala sibonyezi tena. Ile kurasa naiacha kama ilivyo, nasubiri mtandao urudi, halafu nafungua kurasa nyingine mpya na kuitafuta tiketi kwa namba yake. Nikiona jibu langu pale chini, limeingia. Nisipoliona, nasubiri dakika mbili tatu na kuangalia tena, maana ombi linaweza kuchelewa njiani. Bado halipo? Hapo ndipo natuma upya kutoka kwenye Notepad.

Angalia na saa. Mfumo wetu unaandika saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mara ya kwanza kuona 00:31 nilidhani ni jibu la zamani, kumbe ndilo nililotuma saa tisa na dakika thelathini na moja usiku, yaani 03:31. Kila ninachotuma nakiandika pia kwenye faili langu, na tukio kama hilo linakaa hivi:

```
4471  03:31  jibu la malipo, hali Pending   nimetuma
4471  03:38  nimefungua upya, lipo (00:31)  limeingia
```

Mstari wenye "nimetuma" usiofuatwa na "limeingia" ni deni. Sifungi zamu na deni.

Mtandao ukirudi baada ya muda mrefu kuna mtego mwingine. VPN inaweza kuwa imeachia na mfumo ukakutaka uingie upya. Kopi kwanza chochote ulichoandika kwenye kurasa ya zamani, kisha ingia kupitia kurasa mpya. Na kama ile kurasa uliifungua saa moja iliyopita, usiisevu kabisa. Baadhi ya mifumo hutuma fomu nzima, pamoja na hali ya tiketi kama ilivyokuwa ulipoifungua. Mwenzako akiwa ameifunga katikati hapo, wewe unaifungua tena bila kujua, na asubuhi mtu anaanza kazi iliyokwisha.

Chanzo cha kukatika nacho kichunguze, si kila mara ni mnara. Mimi kwa wiki kadhaa niliulaumu mtandao, kumbe ni dada yangu alikuwa akinipigia akitoka zamu yake ya hospitali. Simu isiyopiga kupitia 4G hushuka kwenye 3G au 2G ikipokea simu, na hotspoti inazorota au kufa hadi umalize kuongea. Kama simu yako na laini yako vinakubali, washa VoLTE kwenye mipangilio ya simu. Yangu haikubali, kwa hiyo nimenunua laini nyingine ya bando, na namba yake sijampa mtu, hata dada.

Saa kumi na moja na nusu sipokei tiketi mpya. Nusu saa ile napitia faili kutoka juu, kila "nimetuma" naitafutia "limeingia" yake. Mtandao ukigoma kabisa, namtumia wa asubuhi SMS ya kawaida yenye namba za tiketi zilizobaki na deni. SMS haihitaji bando la intaneti.