Kukopa harusi, kulipa matanga: tuifuate vipi leo?

Ukikaa dukani kwangu hapa Wete wakati wa msimu wa karafuu, utaisikia methali hii mara nyingi: kukopa harusi, kulipa matanga. Wengi huichukua kama onyo la kutokopa kabisa. Mimi nimekopesha na kukopa kwa miaka mingi, na naona wazee walikuwa wanatuonya juu ya siku ya kulipa. Matanga huja pale siku hiyo inapomkuta mtu hana kitu mkononi, na mara nyingi jambo hilo lingeweza kuonekana tangu siku ya kukopa.

Shemegi yangu alihitaji shilingi 600,000 za kuwalipa wachumaji. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshaahidiwa fedha hizo na watu wa mikopo tunayoiita kausha damu. Masharti yalikuwa kurejesha 75,000 kila wiki kwa wiki kumi, yaani 750,000. Aliniambia, "Shemegi, nyongeza ni laki na nusu tu."

Nikamwomba tuhesabu pamoja. Rejesho la kwanza lilikuwa baada ya siku saba. Karafuu ikishachumwa huchambuliwa ikatolewa vikonyo, kisha huanikwa kwenye majamvi. Jua likiwa kali hukauka kwa siku tatu hadi tano, na mvua ikinyesha hupita hapo. Ndipo ipelekwe kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikapimwe. Kwa hiyo wiki ya kwanza angetakiwa kulipa na karafuu bado ziko juani, au bado ziko mtini. Angelipa kwa nini? Ama angekata katika fedha ile ile aliyokopa ya wachumaji, ama angekopa pengine. Na kwa kuwa angeanza kurejesha mapema hivyo, kwa wastani angekaa na nusu tu ya zile 600,000, huku akiilipia nyongeza ya fedha yote. Laki na nusu ile ni nzito kuliko inavyotajwa, mbali ya kwamba ni riba.

Hapo ndipo methali nyingine, dawa ya deni kulipa, inapohitaji uangalifu. Zamani deni la dukani lilikaa vile vile. Kilo mbili za sukari zilibaki bei ya kilo mbili za sukari mpaka ulipe, na kweli dawa ilikuwa kulipa. Siku hizi mtu huchukua mkopo wa simu kulipa kausha damu, kisha kausha damu nyingine kulipa simu. Kila anayemdai amelipwa, na yeye anazidi kuzama. Ukiona rejesho linatoka katika mkopo mwingine na halitoki katika kazi yako, simama hapo hapo. Nenda kwa anayekudai ukaombe muda.

Nilimkopesha shemegi mwenyewe, bila nyongeza. Nilipotoa daftari akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tuandikiane na sisi watu wa nyumba moja?" Nikamjibu kwamba ndiyo maana hasa naandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika methali zote za deni hii ndiyo naiona haijapungua hata chembe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamrisha tuandike deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na mashahidi wawepo. Haikuwatoa ndugu.

Alitaka niandike "atalipa baada ya karafuu". Nikakataa. Baada ya karafuu ni lini? Baada ya kuchuma, kuanika, au kuuza? Nimeona watu wakigombana kwa neno hilo, kila mmoja akiwa mkweli kwa anavyolielewa. Tukaandika 300,000 tarehe 15 Novemba na 300,000 tarehe 15 Disemba, jirani akashuhudia, kila mmoja akabaki na nakala yake.

Mwezi wa Novemba mvua zikashika. Karafuu ikikosa jua hupoteza rangi, na daraja hushuka. Alikuja siku mbili kabla ya tarehe, si baada yake, akaleta 120,000 na kueleza hali. Tukaandika kilichobaki na tarehe mpya, tukatia saini tena. Kumpa muda mwenye dhiki nako kumo katika sura hiyo hiyo, aya ya 280. Lakini muda huo nao uandikwe, maana ukiusema kwa mdomo tu, mmoja atadhani ameongezewa wiki na mwengine mwaka.

Lililobaki ni kuwajuulisha wa nyumbani. Mirathi haigawiwi mpaka madeni ya marehemu yalipwe, na kwenye maziko yetu hutangazwa kuwa mwenye kudai awaone jamaa. Wasiojua chochote watamwamini nani? Mke wangu anajua daftari lilipo na nani anadai nini, na nilimwomba shemegi amwoneshe dada yangu nakala yake usiku ule ule.