Barua ya kuongeza siku za likizo: hesabu kwanza, maelezo baadaye

Likizo ilishaidhinishwa, fomu ina sahihi, na wewe uko kijijini. Kisha mzazi anaanguka na kulazwa, na unaona wazi kwamba tarehe ya kurudi kazini haitawezekana. Barua unayotakiwa kuandika hapo ni ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mwajiri alishapanga kazi kwa kutegemea tarehe uliyompa. Nyingi hukwama kwa sababu hazisemi mambo mawili: siku hizo zinahesabiwaje, na zinatoka kwenye likizo ipi.

Chukua mfano wa mhasibu wa stoo katika kampuni binafsi ya Dar es Salaam, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Alipewa siku 14 za likizo ya mwaka, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti 2026 hadi Jumapili tarehe 16, na anatakiwa kuripoti tarehe 17. Tarehe 10, akiwa Songea, mama yake anavunjika nyonga. Upasuaji umepangwa Ijumaa tarehe 14, na daktari anategemea kumruhusu Jumanne tarehe 18. Dada yake atakayepokea uangalizi wa mama anatoka Mwanza na atafika Alhamisi tarehe 20. Mhasibu atasafiri Ijumaa na kuingia kazini Jumatatu tarehe 24.

Anaomba siku ngapi? Wengi wangeandika 5, maana wanahesabu siku za kazi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Jumamosi na Jumapili zimo. Sikukuu inayoangukia ndani ya likizo nayo imo, kwa hiyo Nane Nane iliyopita katikati haimpi siku ya ziada. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 ni siku 7, na katika siku 14 alizobakiwa nazo zitabaki 7. Zipo kampuni ambazo mikataba yake inahesabu siku za kazi tu, basi angalia fomu yako ya kwanza ilivyohesabiwa na ufuate hesabu hiyohiyo. Ukiandika "siku 5" bila tarehe, ofisi inaweza kuhesabu 17 hadi 21 na kukukata siku 5, au ikakukata siku 7 ukaja kulalamika mwezi ujao. Tarehe ya kuripoti ndiyo inayomaliza ubishi, kwa hiyo iandike waziwazi.

Pili ni chanzo cha siku. Watu huomba "likizo ya dharura" wakidhani ugonjwa wa mzazi una siku zake kisheria. Zile siku 4 za malipo zilizotajwa kwenye sheria hiyo ni kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wa mfanyakazi, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Ugonjwa wa mzazi haumo. Mkataba wako ukiwa na nafuu zaidi, taja kifungu chake. Usipokuwa nayo, omba zikatwe kwenye likizo ya mwaka iliyobaki, na kama imekwisha, omba likizo bila malipo. Aliyeugua mwenyewe akiwa likizo aandike barua tofauti: aombe likizo ya ugonjwa, aambatanishe cheti cha daktari, wala asichome siku zake za mwaka kwa jambo lenye likizo yake.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

"Dar es Salaam (kwa sasa Songea), 12 Agosti 2026.

Meneja Rasilimali Watu,
Kupitia: Mhasibu Mkuu.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA LIKIZO YA MWAKA, 17 HADI 23 AGOSTI 2026

Tafadhali rejea kibali changu cha likizo ya kuanzia tarehe 3 hadi 16 Agosti 2026, ambacho kinanitaka niripoti kazini tarehe 17.

Tarehe 10 Agosti mama yangu alivunjika nyonga na amelazwa hapa Songea. Atafanyiwa upasuaji tarehe 14, na anategemewa kuruhusiwa tarehe 18. Mimi ndiye ninayemuuguza hadi dada yangu atakapowasili tarehe 20. Nitasafiri kurudi tarehe 21.

Hivyo naomba kuongezewa siku 7 mfululizo, 17 hadi 23 Agosti, zikatwe kwenye siku 14 nilizobakiza. Nitaripoti kazini Jumatatu, 24 Agosti 2026, asubuhi.

Msaidizi wangu wa stoo amekubali kuendelea kupokea mizigo na kuandika leja. Hesabu ya mali iliyopangwa tarehe 19 inahitaji sahihi yangu. Naomba isogezwe hadi tarehe 25, au Mhasibu Mkuu ateue wa kusaini. Napatikana kwa simu kila siku saa 8 hadi saa 10 mchana.

Nimeambatanisha uthibitisho wa hospitali kuwa mgonjwa amelazwa. Naomba kujibiwa kabla ya Ijumaa tarehe 14 mchana."

Angalia jinsi kila siku ilivyo na kazi yake. Tarehe 18 ni ya kutoka hospitali, 20 ni ya kukabidhiana, 21 ni ya safari. Meneja akitaka kupunguza, anaona mara moja kwamba hakuna siku ya akiba iliyofichwa. Ukiandika "siku chache hadi hali itakapotengemaa" unamwachia kazi ya kukisia, na anayekisia kwa kawaida atakupa siku 2. Aya ya kazi nayo isiahidi kwamba "kila kitu kiko sawa" wakati kuna jambo linalohitaji sahihi yako. Litaje pamoja na njia mbili za kulitatua.

Kuhusu kiambatisho, karatasi inayoonyesha mgonjwa amelazwa lini inatosha. Majibu ya vipimo na picha ya mama akiwa kitandani hayaihusu ofisi. Hakikisha tu tarehe zilizo kwenye karatasi zinalingana na za barua, maana zikipishana hata kwa siku moja, HR atasimama hapo badala ya kulishughulikia ombi.

Mpigie simu mkuu wako siku hiyohiyo, kisha tuma barua yenye sahihi kwa barua pepe, kwake na kwa HR pamoja. Ujumbe wa WhatsApp unafaa kuwaarifu, lakini omba jibu la maandishi. Jumatano ni siku nzuri kwa mfano huu kwa sababu ofisi ina siku 2 za kujibu kabla ya wikiendi. Barua ya Jumapili usiku inasomwa Jumatatu, ukiwa tayari umeshakosekana kazini.

Ukimya si kibali. Mwajiri ana sauti juu ya lini likizo ya mwaka ichukuliwe, na anaweza kukataa. Kanuni za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinataja utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa au sababu inayokubalika, kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Ijumaa mchana ikifika bila jibu, piga simu, kisha andika barua pepe fupi ya kunukuu mlichokubaliana na nani. Ukipewa hadi tarehe 19 tu, jibu siku hiyohiyo kwamba umepokea, na uombe tarehe 20 na 21 ziwe bila malipo, ukieleza kwamba pengo ni hadi dada afike.

Ukirudi tarehe 24, jaza fomu mpya ya likizo yenye siku 7 hizo, uambatanishe kibali, na uangalie salio lililoandikwa kwenye kumbukumbu za HR: linatakiwa kuwa siku 7.