Kadi ya aliyezama: pale nilipofeli mara ya kwanza

"Salaam wadau. Jumamosi ijayo nina mtihani wa cheti cha huduma ya kwanza hapa Malindi. Kwenye vitendo unachota kadi yenye tukio, halafu unaonyesha uchunguzi wa awali mbele ya mtahini. Hatua zote nimezikariri ila nikipewa kadi nachanganyikiwa, sijui nianzie wapi wala niishie wapi. Waliopita, mlijiandaa vipi?"

Waalaikum salaam. Mimi ni baharia wa boti za abiria hapa Lamu, navusha watu kwenda uwanja wa ndege wa Manda na kurudi. Cheti nilikipata mara ya pili. Mara ya kwanza nilifeli kwa kadi ya mtu aliyezama, na nilifeli nikiwa nimekariri kila kitu kama wewe. Kwa hiyo nitakueleza kadi hiyo moja kwa kirefu, kwa kuwa ukiielewa hiyo nyingine zitakufungukia.

Kwanza jua mtahini anafanya nini pale mbele. Kadi inakupa mwanzo tu wa tukio. Yaliyobaki anayo yeye kwenye karatasi yake, na hakupi mpaka ufanye kitendo chenyewe. Ukisema tu "naangalia kama anapumua" huku umesimama, atakaa kimya. Ukipiga magoti, ukainamisha kichwa cha mgonjwa, ukasogeza shavu lako karibu na mdomo wake na kutazama kifua, hapo ndipo atakwambia "hapumui" au "anapumua kawaida". Kuchanganyikiwa kwingi kunatokana na kusubiri taarifa ambayo bado hujaifanyia kazi. Fanya, sikiliza jibu, litamke jibu lenyewe kwa sauti, kisha amua. Usiruke.

Kadi yangu ilisema hivi: "Mvulana wa miaka 16 ametolewa majini kando ya gati. Wenzake wamemlaza kwenye ngazi. Maji yamekupwa. Hajibu akiitwa. Wewe ndiye wa kwanza mwenye mafunzo kufika."

Hatua ya kwanza ni kukagua hatari, na wengi tunaisema kwa mazoea, "eneo ni salama", bila kutazama. Soma kadi tena. Ngazi za gati zimeota mwani na zinateleza. Ziko mteremko, na kifua huwezi kukikandamiza sawasawa mtu akiwa amelala kwenye mteremko. Kwa hiyo tamko sahihi ni: "Ngazi zinateleza, nawaomba wawili wanisaidie kumpandisha juu palipo tambarare." Na kama kadi yako itasema bado yumo majini, usiruke kumfuata. Mnyooshee upondo, mtupie kamba, boya au dumu tupu lililofungwa vizuri. Mtu anayezama humshika na kumkandamiza yeyote anayemkaribia, na mtahini akikuona umeingia majini atahesabu kwamba sasa kuna wagonjwa wawili.

Lile neno "yamekupwa" nalo halikuwekwa bure. Vijana hupiga mbizi kutoka ukingoni, na maji yakiwa machache kichwa hugonga chini. Uliza wenzake: alipiga mbizi au aliteleza tu? Wakisema alipiga mbizi, msogezeni kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa kwenye mstari mmoja. Lakini hofu ya shingo isikucheleweshe kufungua njia ya hewa. Asiyepata hewa anakufa ndani ya dakika chache, na kama njia ya hewa haifunguki bila kuinamisha kichwa, basi utainamisha.

Mwitikio ni mfupi: mgonge mabega, mwite kwa sauti masikioni mwote kulia na kushoto, mwambie afumbue macho. Hajibu.

Msaada: hapa usipaze sauti hewani "pigeni simu". Kila mmoja atadhani mwenzake anapiga. Mwelekeze mtu mmoja kwa kidole: "Wewe mwenye kikoi cha kijani, piga 999 au 112, sema mtu amezama, hajibu, taja gati, weka spika, kaa hapa nami." Huku kwetu ni muhimu kutaja gati lenyewe wala si mtaa tu, kwa sababu magari hayaingii vichochoroni na msaada unaweza kuja kwa boti. Mwingine mtume akatafute mashine ya kushtua moyo kama ipo karibu. Ikiwa kadi inasema uko peke yako kabisa na huna simu mkononi, kwa aliyezama unaanza kumpa pumzi na kukandamiza kifua kwa kama dakika moja kabla ya kumwacha kwenda kuita watu.

Njia ya hewa: kiganja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, inamisha na inua. Tazama mdomoni. Kitu unachokiona, kama jani la mwani, kitoe. Usichokiona usikifuate kwa vidole, utakisukuma ndani. Povu jeupe ni la kawaida kwa aliyezama na litaendelea kutoka. Usipoteze muda kulifuta.

Pumzi: tazama kifua, sikiliza, hisi hewa shavuni kwa muda usiozidi sekunde 10. Hesabu kwa sauti ili mtahini asikie. Hapa kuna mtego mmoja mkubwa. Mtahini anaweza kusema: "Anafungua mdomo mara moja moja, kwa mkoromo." Yule samaki aliyetupwa mchangani hufungua mdomo pia, wala hapumui. Mtu ambaye moyo wake umesimama hufanya vivyo hivyo kwa dakika za mwanzo. Tamka wazi: "Huku si kupumua kwa kawaida, naanza kumfufua."

Sasa pale nilipoangukia. Nilifika hapa nikaweka mikono kifuani moja kwa moja, 30, kwa nguvu, kwa mwendo mzuri. Mtahini aliniacha nimalize, kisha akauliza: "Mwili wa huyu umekosa nini?" Sikuwa na jibu, na swali hilo ndilo lililonifundisha zaidi ya kitabu.

Mtu mzima anayeanguka ghafla sokoni kwa ugonjwa wa moyo bado ana hewa ya kutosha kwenye damu yake. Kinachokosekana ni pampu, ndiyo maana kwake unaanza na kifua. Aliyezama ni kinyume. Moyo wake umesimama kwa sababu hewa ilikwisha kwanza. Ukikandamiza kifua unazungusha damu isiyo na hewa. Kwa hiyo unaanza na pumzi za kuokoa: bana pua, funika mdomo wake kwa wako au kwa kinga ya mdomo, puliza kwa kama sekunde moja mpaka kifua kiinuke, acha kishuke, rudia. Kitabu tulichofundishiwa kinataka pumzi 5 za mwanzo. Mafunzo yanayofuata utaratibu wa Kimarekani yanataka 2. Kifua kisipoinuka, usipulize kwa nguvu zaidi. Inamisha kichwa upya, hakikisha pua imebanwa, kisha jaribu tena.

Baada ya hapo, kandamiza 30 kisha pumzi 2, bila kusimama. Mwenye miaka 16 ameshabalehe, kwa hiyo ni kama mtu mzima: mikono miwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua ukiache kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena. Nilijipima kwa saa nyumbani. Zile 30 zikichukua kati ya sekunde 15 na 18, mwendo ni sawa. Ukimaliza kwa sekunde 11 una haraka, na mara nyingi kina nacho kimepungua. Akiwepo wa kukupokea, badilishaneni kila dakika 2, maana uchovu huja kabla hujauhisi.

Tarajia mtahini akatize: "Anatapika." Aliyezama hutapika mara nyingi sana. Mgeuze mwili wote ubavuni, safisha mdomo, mrudishe, endelea. Pia anaweza kujifanya mmoja wa watu wa gatini: "Mpindueni kichwa chini, mbonyezeni tumbo maji yatoke!" Kauli hii nimeisikia gatini kwa masikio yangu, ikitoka kwa watu wenye nia njema. Jibu kwa heshima, mikono isiache kazi: "Hapana, mzee wangu, tukimbonyeza tumbo atatapika na matapishi yataingia mapafuni." Mashine ya kushtua moyo ikifika, mkaushe kifua kwanza kwa leso ndipo ubandike pedi.

Mtahini akisema "anakohoa, sasa anapumua kawaida", mlaze ubavu, kichwa kimeinama nyuma kidogo, mdomo ukielekea chini. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, rudia kukagua pumzi kila baada ya dakika moja. Hata akikaa na kusema yuko sawa, lazima apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika zaidi saa kadhaa baadaye. Wengi hupoteza alama hapa kwa kumruhusu aende nyumbani.

Swali lile la mtahini ndilo ninalokushauri uliulize kwenye kila kadi kabla hujapiga magoti: mwili wa huyu umekosa nini? Chukua kadi ya nahodha aliyekatwa paja na pangaboi. Anapiga kelele, kwa hiyo njia ya hewa iko wazi na anapumua, umeshajua hayo kwa kumsikia tu. Kinachomtoka ni damu. Huyo hukai kumhesabia pumzi sekunde 10 huku damu inaruka. Unakandamiza jeraha papo hapo kwa kitambaa, kwa uzito wa mwili wako, huku ukiagiza simu ipigwe. Orodha ni ileile, ila hatua mbili za katikati umezimaliza kwa sikio.

Kwa mazoezi, nilikata kartoni nikaandika kadi 8. Upande wa mbele tukio, upande wa nyuma matokeo, kila tokeo pembeni ya kitendo kinacholifungua. Mke wangu alishika kadi na nilimwomba asinipe neno lolote mpaka mikono yangu ifanye kitendo. Mto ulikuwa mgonjwa. Siku mbili za kwanza alikuwa kimya karibu muda wote, na kila alipokaa kimya nilijua nimesema bila kufanya.

Kabla ya Jumamosi muulize mkufunzi wako swali moja: kwa aliyezama, mtahini anataka pumzi 5 za mwanzo au 2? Fuata atakalokwambia.